Acheni kuzipa picha ruhusa ya kudanganya

Leo sina mafunzo, nina malalamiko. Karibu kila mradi wa tovuti ninaoufungua, kwenye faili ya mipangilio ya majaribio nakuta mstari huu:

```
maxDiffPixelRatio: 0.01
```

Aliyeuandika atakwambia, "Ni asilimia moja tu, bwana." Mimi nasema mstari huo ni sawa na kuajiri mlinzi wa usiku kisha kumpa blanketi na mto.

Kwa ambao hawajakutana na kazi hii: unakiendesha kivinjari bila dirisha lake, hakuna kinachoonekana kwenye kioo. Programu kama Playwright inakiamuru kifungue ukurasa na kupiga picha. Picha hiyo inalinganishwa, pikseli kwa pikseli, na picha ya zamani ambayo mtu aliitazama akasema, "Hivi ndivyo tunavyotaka." Zikitofautiana, jaribio linaanguka. Ule mstari wa juu unasema: pikseli zikibadilika bila kuzidi asilimia moja ya picha nzima, nyamaza.

Sasa tupige hesabu. Picha ya upana wa 1280 na urefu wa 720 ina pikseli 921,600. Asilimia moja yake ni 9,216. Kwenye ukurasa wa malipo wa duka moja nililolifanyia kazi, kitufe cha "Lipa" kilikuwa na upana wa 180 na urefu wa 44, yaani pikseli 7,920. Mwaona tunakoelekea? Kitufe kizima kingeweza kutoweka na bado ruhusa ibaki na chenji.

Na kilitoweka kweli. Mwenzangu alikuwa akisafisha CSS, akabadilisha jina la kigeu kilichobeba rangi ya kijani. Sehemu moja aliisahau. Kivinjari kikikutana na kigeu kisichokuwepo hakilalamiki. Mandharinyuma ya kitufe yakawa hayana rangi, na maandishi yake yalikuwa meupe tangu mwanzo. Meupe juu ya ukurasa mweupe. Mteja anajaza kikapu, anafika kwenye malipo, haoni pa kubonyeza.

Majaribio ya kawaida yalipita yote, na yalikuwa na haki ya kupita. Kitufe kilikuwepo, kina ukubwa wake, kinabonyezeka. Playwright ilikibonyeza bila shida, kwa sababu haitumii macho. Hitilafu ya aina hii hasa ndiyo iliyotufanya tuweke jaribio la picha. Picha ikapigwa, ikalinganishwa, ikapatikana tofauti isiyozidi pikseli 7,920, na kwa kuwa hazikufika 9,216, ikapewa rangi ya kijani. Aliyetuambia ni mwenye duka, siku ya pili, na hakutumia lugha ya upole.

Tena huo ulikuwa ukurasa mfupi. Ukipiga picha ya ukurasa mzima wenye urefu wa 3,000, pikseli ni 3,840,000 na ruhusa yako inapanda hadi 38,400. Vitufe vinne vya aina hiyo vinaweza kufutika na jaribio lisikohoe. Kadiri ukurasa unavyorefuka ndivyo mlinzi anavyozidi kusinzia. Hakuna anayekusudia hivyo, lakini ndivyo asilimia inavyofanya kazi.

Kwa nini basi watu huiweka? Kwa sababu siku ya kwanza kila kitu huwa chekundu. Picha ya mfano ilipigwa kwenye tarakilishi ya msanidi, lakini jaribio linaendeshwa kwenye seva. Hata zote mbili zikiwa Linux, fonti zilizosakinishwa hazilingani, na kingo za herufi hulainishwa kwa namna tofauti. Jicho halioni kitu. Kilinganishi kinaona maelfu ya pikseli. Ongeza tarehe ya leo kwenye kichwa cha ukurasa na tangazo linalobadilika kila saa. Msanidi anachoka, anaandika 0.01, anakwenda kunywa chai. Kelele imenyamazishwa, na ujumbe pia.

Dawa ni kuondoa kelele kwenye chanzo chake. Kwanza, picha za mfano zipigwe mahali palepale zinapolinganishwa. Playwright ina kontena lake la Docker, `mcr.microsoft.com/playwright`. Chagua toleo linalolingana na la mradi wako, na picha ya mfano isitoke popote pengine, hata kwenye tarakilishi yako nzuri. Ukipandisha toleo, kivinjari hubadilika pia, hivyo piga picha zote upya katika badiliko linalojitegemea lisilochanganywa na kazi nyingine, na mtu azitazame. Pili, simamisha saa. Tatu, funika kile tu kisichotulia:

```
await page.clock.setFixedTime(
  new Date('2025-01-15T10:00:00+03:00'));
await page.goto('/malipo');
await expect(page).toHaveScreenshot('malipo.png', {
  mask: [page.locator('.tangazo')],
  threshold: 0.1,
  maxDiffPixels: 0
});
```

Tahadhari moja: saa hiyo husimama ndani ya kivinjari tu. Kama tarehe inaandikwa na seva kabla ukurasa haujatumwa, itaendelea kubadilika. Tumia data ya majaribio isiyobadilika au uifunike.

Mmeona pia nimeandika `threshold: 0.1`. Hapo pana shimo la pili, na hili halihitaji mtu kulichimba. Namba hiyo huamua pikseli moja ibadilike rangi kiasi gani ndipo ihesabiwe kuwa imebadilika. Usipoiandika, Playwright hutumia 0.2. Nilifuata hesabu ya kilinganishi chake, pixelmatch: kwa rangi za kijivu, 0.2 inasamehe tofauti ya hadi hatua 52 kati ya 255. Maandishi yako yakitoka `#666666` yakawa `#999999`, hiyo ni tofauti ya hatua 51. Pikseli zitakazohesabiwa: sifuri. Ilhali juu ya mandhari meupe uwiano wa utofautishaji umeshuka kutoka 5.74 hadi 2.85, na kiwango cha WCAG kwa maandishi ya kawaida ni 4.5. Mama yangu hawezi kuyasoma maandishi hayo juani, na jaribio lako linasema hakuna kilichobadilika. Ukishusha hadi 0.1, msamaha unakuwa hatua 26 hivi. Msiniamini mimi, badilisheni rangi hiyo mjaribu.

Najua jibu lenu: "Sifuri haiwezekani, tutashinda tukifukuzana na taa nyekundu." Kwenye mradi wa lile duka, baada ya kuhamia kontena moja na kusimamisha saa, taa nyekundu za uongo ziliisha kwenye kurasa zote isipokuwa ule wenye ramani. Kwa huo nilipiga picha ya kila sehemu peke yake, na ramani nikaipa ruhusa ya pikseli chache kwa idadi. Kwa idadi, wasomaji wangu, si kwa asilimia. Ukiandika 50 unajua umesamehe nini. Ukiandika asilimia moja, hujui umesamehe kitufe gani.

Kwa hiyo kesho asubuhi fungueni faili zenu za mipangilio mtafute ule mstari. Mkiukuta, uzidisheni kwa pikseli za ukurasa wenu, kisha pimeni kitufe kinachowaletea pesa. Kikitosha humo ndani, hamna jaribio.

Tukutane wiki ijayo.