Kadi imefungwa, mbona hana hamu?

Na Editha Rweyongeza

Dozi ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi 6. Ikiisha, na makohozi yakapimwa yakaonekana safi, mgonjwa huambiwa amepona na kadi yake hufungwa. Hapo ndipo familia nyingi za Karagwe na Kyerwa huanza kumsubiri shambani. Kahawa inaiva, migomba inataka kupaliwa, na mama bado amekaa pembeni ya nyumba kimya. Mmoja atasema ni uchovu, apumzike. Mwingine atanong'ona kwamba amezoea kuhudumiwa. Naomba tusiseme lolote kati ya hayo kabla ya kumtazama vizuri, kwa sababu uchovu wa kutoka ugonjwani na sonona vinafanana ukiviona kwa mbali tu.

Mtu aliyechoka bado anataka. Mwili ndio unaokataa. Msimu wa senene ukifika hataweza kukesha akiwakamata, lakini atawatuma watoto, atauliza wamepata kiasi gani, na wakishakaangwa atakula na kusimulia misimu iliyopita. Mwenye sonona utamwekea sahani mbele yake asiiguse. Kwa hiyo usimpime kwa jembe. Mpime kwa jambo alilolipenda ambalo halihitaji nguvu: mjukuu mapajani, kwaya redioni, jirani aliyekuja kumwona. Kama na hayo yamekuwa mzigo, si misuli peke yake iliyolegea.

Tazama pia usingizi. Anayepata nafuu akilala vizuri huamka na ahueni kidogo, na mwezi huu huwa na nguvu kuliko uliopita. Mwenye sonona mara nyingi huamka saa tisa usiku, asilale tena, na asubuhi ndiyo humwelemea zaidi. Atajilaumu kwa fedha zilizotumika kumtibu, au atasema watoto wangekuwa heri bila yeye.

Wahudumu wa afya huanza na maswali mawili. Katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na jumla ikifika 3 mtu anapaswa kuulizwa kwa kina. Lakini maswali hayo hayaoni ndani ya mishipa. Upungufu wa damu, kisukari, au kifua kikuu kilichorudi vinaweza kumlaza mtu vilevile, na mtu mmoja anaweza kuwa na ugonjwa wa mwili na sonona kwa pamoja. Ukimpeleka kituo cha afya au hospitali ya Nyakahanga, omba vipimo vya mwili, kisha eleza na hayo ya hamu na usingizi. Usipoyasema, huenda asiulizwe.

Kuhusu msaada, jirani zetu wa Uganda walituonyesha jambo zamani. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, eneo lililokuwa limechoshwa na ukimwi kama Kagera yetu, watu wenye dalili za sonona katika baadhi ya vijiji hivyo waliwekwa kwenye vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, dakika 90 kila kikao, wakiongozwa na watu wa kwao waliofundishwa wiki 2 tu. Mwishoni, asilimia 6.5 ya waliokuwa vikundini ndio waliobaki na sonona. Katika vijiji visivyo na vikundi walibaki asilimia 54.7. Miezi 6 baadaye tofauti ilikuwa bado ipo.

Walizungumza nini? Kila mtu alitafuta huzuni yake ilianzia wapi: msiba, ugomvi, au maisha kubadilika. Hilo la tatu ndilo la mgonjwa wetu. Mchukulie mama wa Nkwenda aliyekuwa akiamua kahawa iuzwe lini na ada ilipwe lini. Amelala miezi, mkwe ameshika kila kitu, na sasa analetewa chakula kama mgeni kwake. Kikundini angesikia mwenzake aliyepita hapo, kisha angeondoka na jambo moja dogo la kufanya kabla ya kikao kijacho: kumwomba mkwe amrudishie daftari la mauzo, ambalo halihitaji nguvu, au kuchambua maharage robo saa kila asubuhi, hata kama hamu haijaja. Vikundi vya kuweka na kukopa tayari tunavyo vijijini. Naamini halmashauri zetu mbili zingeweza kuwafundisha baadhi ya viongozi wa vikundi hivyo kazi hii, chini ya usimamizi wa wahudumu wa afya.

Sonona ikiwa nzito, daktari anaweza kuongeza dawa. Huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonyesha kazi yake, na wengine huziacha mapema wakidhani hazifai. Rubisi haisaidii, huleta usingizi wa saa chache na kuzidisha huzuni ya asubuhi.

Na kama amesema heri afe, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za kupulizia mazao zitolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni siku ya mavuno.