Kupatana Bei kwa Maandishi ya Simu

Wasomaji wetu wengi siku hizi hununua vitu kwa kuandikiana na muuzaji katika WhatsApp, na huko mapatano ya bei yana uzito usiokuwako dukani. Dukani mnunuzi husema, "Hii ghali, bwana," huku akitabasamu, na muuzaji huuona uso wake. Katika simu uso haupo, na maneno yayo hayo husomeka kama ugomvi. Kwa sababu hiyo watu huweka zile sura ndogo ziitwazo emoji. Lakini uso hautaji bei, na hapa ndipo wengi huteleza.

Na tutwae mfano wa mama anunuaye cherehani iliyokwisha tumika. Muuzaji ataka shilingi 180,000. Mama amekwisha uliza kwengine, naye hataki kupita 150,000. Akijibu 😂 amecheka mali ya mwenziwe, na muuzaji atakaza bei au atanyamaza. Akijibu "Nipunguzie 🙏🙏🙏" ameomba tu, naye atapunguziwa 5,000 kisha ahesabiwe kuwa amefanyiwa hisani. Bora aandike hivi: "Asalamu alaikum. Cherehani nimeipenda 😊 Ila mkanda wake umechakaa, itanibidi ninunue mwingine. Nitatoa 140,000."

Tazameni alama iko wapi: imefuata sifa, haikufuata bei. Ikifuata bei, muuzaji huidhani bei hiyo ni mzaha, au kwamba bado yasogea.

Muuzaji akishuka hata 165,000, mama apande mara moja tu: "Ahsante kwa kunisikiliza 😊 Mwisho wangu ni 150,000. Nalipa leo, na kuichukua nakuja mwenyewe." Akibishiwa tena, arudie bei ile ile kwa upole, asiongeze shilingi wala sura. Mwenye kuzidisha sura katika kila jibu huonekana ana wasiwasi, na wafanya biashara ni wepesi wa kuliona hilo. Wasipoafikiana, ashukuru, aache. Huenda muuzaji akarudi mwenyewe kesho yake.

Ama kidole gumba 👍, hicho tunakihofia kuliko sura zote. Wengi hukipeleka wakikusudia "nimeona" tu. Mwaka 2023 mahakama ya Saskatchewan, huko Kanada, ilimhukumu mkulima aliyepelekewa kwa simu picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani, naye akajibu kwa kidole hicho. Alidai kuwa alikusudia kusema ameupata tu. Lakini zamani alikuwa akikubali mikataba ya mnunuzi yule yule kwa neno moja fupi, basi mahakama ikaona kidole ni kama neno lile: amekubali. Kwa kuwa mbegu hakuzipeleka, aliamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada.

Sisi tuliofundishwa ijabu na kabuli hatukustaajabu sana. Basi mama yule, akiletewa bei ambayo hajaikata shauri, aandike kwa maneno: "Nimeiona, nitakujibu baada ya Alasiri." Kidole akiweke mpaka siku atakayokuwa tayari kutoa fedha.