Herufi zilizovurugwa hazitoshi

Ndugu mwandishi, kunyamazisha jeni hadi seli zife umekueleza vizuri, ila kidhibiti chako kina pengo. RNA fupi iliyovurugwa herufi zote huonyesha tu kama seli zinasumbuliwa na kule kuingiziwa RNA. Haisemi lolote kuhusu jeni nyingine ambazo RNA yako imezigusa, kwa sababu herufi ya 2 hadi ya 8 kwenye uzi elekezi zinatosha kunasa mRNA zisizohusika. Ukivuruga zote, umeziondoa na hizo.

Afadhali C911, iliyoelezwa mwaka 2012. Ni RNA ileile, ila herufi ya 9 hadi ya 11 zimegeuzwa kuwa wenza wao: A kuwa U, G kuwa C. mRNA ya jeni lengwa haikatwi tena (pima kwa qPCR, maana wakati mwingine bado hupungua kidogo), lakini madhara ya pembeni yanabaki. Seli zikiendelea kufa, jeni yako haina hatia. Zikisalimika, rudia na RNA yako ya awali, huku ukirudisha jeni kwa nakala ambayo RNA hiyo haiitambui, iliyobadilishwa herufi bila kubadili protini. Vifo vikikoma hapo, nitakuamini.