Emsii, Ungetuambia tu Kwamba Kirikou Hajavaa Nguo

Jamani, hili limenikaa rohoni tangu Jumamosi. Nilimpeleka mtoto wa dada yangu, ana miaka sita, kwenye ukumbi wa mtaa kuangalia katuni ya bure. Emsii alikuwa mchekeshaji mmoja ambaye wengi wenu mnamfuata mtandaoni. Jina nalihifadhi.

Alishika maiki dakika 25. Akamshukuru mgeni rasmi, akapiga selfi na watoto, akawatania akina mama. Mwisho akatuhadithia filamu nzima, mpaka siri ya mwisho. Kisha taa zikazimwa.

Filamu ilikuwa Kirikou, ile ya Michel Ocelot ya mwaka 1998. Kama umeiona, unajua inavyoanza. Mtoto anaongea akiwa tumboni, anajizaa mwenyewe, anajikata kitovu, anauliza baba yuko wapi. Yuko uchi, na atabaki hivyo karibu filamu nzima. Mama yake yuko kifua wazi, na wanawake wengine pale kijijini vilevile.

Nyuma yangu mama mmoja akamfunika binti yake uso kwa kitenge. Baba mmoja akasema kwa sauti, "Hii ndiyo katuni ya watoto?" Haikupita robo saa, safu nzima ya viti ikawa tupu. Mtoto mmoja alitolewa huku analia, anataka kujua kama Kirikou atashinda.

Sasa mtandaoni watu wanawasema wazazi kuwa washamba. Mimi nasema hapana. Mzazi ameshtukizwa mbele ya majirani, alikuwa na sekunde tano za kuamua. Kosa ni la mwenye maiki. Uchi huo unatokea dakika za mwanzo kabisa, kwa hiyo nafasi pekee ya kuueleza ni kabla taa hazijazimwa.

Na maelezo yenyewe ni mafupi. Ocelot ni Mfaransa aliyeishi utotoni Konakri, nchini Guinea. Alichora kijiji cha Afrika Magharibi cha zamani jinsi anavyokikumbuka, ambako mtoto kutembea uchi na mama kuwa kifua wazi si jambo la aibu. Kuna watu wa biashara ya filamu waliotaka wanawake wale wavalishwe sidiria. Akakataa. Basi. Mzazi akishasikia hivyo anaamua mwenyewe: anabaki, au anatoka mapema bila fedheha. Wengi wangebaki, kwa sababu mle ndani hakuna mapenzi ya kitandani wala tusi.

Kitu cha pili ni lugha. Nakala ile ilikuwa ya Kifaransa, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Mtoto wa miaka sita asome saa ngapi? Emsii alipaswa kuwapa watoto majina mawili na shida moja, kwa Kiswahili: yupo Kirikou, mdogo kuliko wote, yupo Karaba, mchawi anayeogopwa, na chemchemi ya kijiji imekauka. Ukishika hayo, picha zinakubeba.

Kitu cha tatu ndicho kilichoniuma zaidi. Filamu nzima inasukumwa na swali moja la Kirikou: kwa nini Karaba ni mbaya? Wakubwa wa kijiji hawana jibu, wao wanajua tu kumwogopa. Mtoto anazunguka kutafuta jibu. Sasa wewe unawapa watoto jibu kabla hata hawajaanza kulitafuta! Mpwa wangu alikaa anasubiri tu kile alichoambiwa kitokee. Jibu lenyewe siliandiki hapa, nendeni mkaangalie.

Mimi ningepewa ile maiki, ningesema hivi tu:

"Shikamooni wazazi. Hii ni hadithi ya kijiji cha Afrika Magharibi cha zamani. Mtamwona mtoto uchi na akina mama kifua wazi, kama walivyoishi. Asiyependa, mlango uko kulia, hakuna atakayemnuna. Watoto, hamjambo? Kuna mchawi anaitwa Karaba, ana watumishi wa mti wanaotisha kidogo. Ukiogopa, mshike mkono uliyekuja naye. Na kuna mtoto mdogoo anaitwa Kirikou, anauliza kwa nini Karaba ni mbaya. Nyie mnadhani kwa nini? Kaa na jibu lako kichwani, taa zikiwaka tutaulizana. Asiyeenda chooni aende sasa."

Hapo hata dakika mbili hazijaisha. Mgeni rasmi ashukuriwe mwishoni, watoto wakiwa wanakunywa juisi.

Wewe ungekuwa yule mama wa kitenge, ungebaki au ungetoka? Dondosha jibu hapo chini, ila atakayetaja siri ya Karaba namfuta.