Jino la akili na miaka kumi na munane



Mwezi uliopita kijana mumoja wa mutaa wetu alikamatwa pamoja na wengine juu ya fujo ya sokoni. Mama yake akasema ni mutoto wa miaka 16. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Basi mukubwa mumoja akamwambia afungue kinywa, akaangalia kwa torchi, akaona magego ya mwisho yamekwisha kutoka. Akasema: "Huyu amekomaa, iko na meno ya akili." Kijana akawekwa pamoja na watu wazima.

Habari ilipofika hapa kwetu, wakati wa rekreasio wengi walisema mukubwa yule alijua kazi yake. Mimi nasema hapana. Na jambo hili si la kuchekesha. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inasema mutoto ni kila mutu asiyetimiza miaka 18, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inataka mutoto aliyekosa apelekwe mbele ya tribunali ya watoto. Kwa hiyo mwaka mumoja tu unaweza kubadilisha mahali mutu atakapolala na watu atakaolala nao.

Kwanza tutenge mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Jino kutoka katika ufizi ni jambo moja. Jino kumaliza kukomaa ni jambo lingine. Kutoka kunategemea sana nafasi iliyo katika taya. Mutu mwenye taya refu, jino lake linapita mapema. Mwenye taya fupi, linakwama ndani au linalala upande, na wengine hawana jino lile kabisa tangu kuzaliwa. Kwetu Afrika si ajabu kuliona kwa kijana ambaye angali mbali na miaka 18. Kwa hiyo torchi ya yule mukubwa haikupima miaka, ilipima nafasi.

Waganga wa meno wanaofanya kazi hii hawaangalii kinywa tu. Wanapiga radio ya taya lote, ile foto inayoonyesha meno yote pamoja na mizizi yake. Halafu wanalinganisha gego la mwisho na hatua munane zilizoandikwa na Demirjian na wenzake kule Montreal, Kanada, katika mwaka 1973. Zinaitwa kwa herufi, tangu A mupaka H. Hatua ine za kwanza ni za kichwa cha jino. Kutoka E ni mizizi: katika E mizizi ni mifupi kuliko kichwa; katika F imelingana nacho au kukipita, na mwisho wake uko wazi kama faneli; katika G kuta za muzizi zimesimama sambamba lakini tundu la chini halijafungwa; katika H tundu limefungwa. Yote ni kazi ya macho. Waganga wawili wanaweza kuangalia foto moja, mumoja akasema G, mwingine akasema H, na bila shaka ni pale pale G na H zinapokutana ndipo ubishi juu ya miaka 18 unapokaa.

Sasa, H inasema nini? Katika mwaka 1993 Mincer na wenzake walitoa hesabu ya vijana wa Amerika, wengi wao wazungu, wa miaka 14 mupaka 24. Katika wavulana wazungu waliofika H, karibu 90 kwa 100 walikuwa wamepita miaka 18. Mutu akisikia 90 anafurahi. Lakini wale 10 waliobaki ni watoto, na jino lao limefungwa sawasawa na la wakubwa. Hakuna alama juu ya foto ya kuwatenga.

Na hata ile 90 haiwezi kuhamishwa hivi hivi. Hapa nawaomba muchukue kalamu. Tuseme kwa mufano tu (hesabu hii ni yangu, si ya waganga) kuna vijana 100 wa miaka 17 na 100 wa miaka 19. Katika wale wa 17, 15 wamefika H. Katika wale wa 19, 45. Waliofungwa mizizi ni 60 jumla, na 15 kati yao ni watoto: mumoja kwa kila wane. Sasa tubadilishe kundi. Wale wa 17 wabaki 100, lakini wale wa 19 wawe 20 tu. Waliofika H watakuwa 15 na 9, jumla 24, na watoto wamepita nusu! Meno hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni watu walioletwa. Tena H haina mwisho: babu wa miaka 60 naye yuko katika H. Ukitia wazee wengi katika uchunguzi wako, wastani wa miaka ya H unapanda wenyewe.

Kwa upande mwingine pia tusidanganyike. Kijana aliye katika G anaweza kuwa na miaka 16, anaweza kuwa na 20. Muzizi ulio wazi haumufanyi mutu kuwa mutoto.

Kisha kuna swali la meno ya nani yalipimwa. Olze na wenzake walilinganisha Wajerumani, Wajapani na watu weusi wa Afrika ya Kusini. Katika hatua za katikati waliwaona Waafrika wametangulia Wajerumani kwa mwaka mumoja ao miwili, na Wajapani wako nyuma. Mutu akichukua kipimo cha Wajerumani na kukitia katika kinywa cha kijana wa kwetu, atamuongezea miaka ambayo hajaiishi.

Jambo hili limekwisha kufika mbele ya waamuzi, na lilihusu watoto wa inchi yetu. Katika kesi ya Thomas Lubanga kule La Haye, juu ya watoto walioingizwa katika jeshi kule Ituri katika 2002 na 2003, walipigwa radio za mukono na za meno. Pale mupaka ulikuwa miaka 15, si 18, lakini shida ilikuwa ile ile. Hukumu ya tarehe 14 Machi 2012 ilipokea ushuhuda wa radio kwa uangalifu mukubwa, kwa kuwa vipimo hivi si kamili. Waamuzi waliangalia pia mambo mengine, kati yake video zilizoonyesha watoto ambao mutu yeyote angeona ni wadogo. Na katika 2019 Komite ya Haki za Mutoto ya Umoja wa Mataifa iliandika kwamba inchi zisitegemee mifupa na meno tu, na kwamba penye mashaka mutoto apewe faida ya mashaka yale.

Sisemi radio itupwe. Ikiletwa na munganga anayesema wazi "huenda", na anayetaja kipimo chake kilitoka kwa watu gani, ni musaada. Lakini iwe ya mwisho. Mbele yake kuna karte ya kupimisha watoto na ya chanjo, kuna daftari la shule ya musingi, na kwa sisi Waprotestanti kuna kitabu ambamo muchungaji anaandika watoto wanaoletwa mbele ya kanisa. Tunajua vitabu vile vina makosa. Tarehe nyingine ziliandikwa nyuma, nyingine ni za siku ya ibada, si za kuzaliwa. Hata hivyo muchungaji aliandika akiwa na mutoto muchanga mbele ya macho yake, na kosa lake ni la miezi.

Kwa kijana wetu, mama alipata karte ya chanjo siku ya tisa, kwa dada yake, ndani ya sanduku la nguo. Panya walikuwa wamekula pembe moja, lakini mwaka ulionekana. Alikuwa na miaka 16 na miezi mine. Alitoka mahali pale siku ile ile, na mupaka leo hataki kuongea juu ya zile siku tisa.