Mwombeni nywila ya kutazama

Nina neno kwa vijana wenzangu wa Mbulu wanaouza vitunguu saumu, kisha hela yote wanamtumia mwalimu wa foreksi kwa sababu ya skrinshoti ya faida.

Skrinshoti hiyo inaweza kuwa imetoka kwenye akaunti ya majaribio ya MetaTrader 5. Inafunguliwa bure kwa dakika chache, na mtaji wa bandia unauchagua mwenyewe, hata dola 100,000. Bei zinazopanda na kushuka zinafuata za soko, hivyo faida ya rangi ya bluu inaonekana ya kweli kabisa. Kinachoiumbua ni neno Demo pale palipo jina la akaunti na seva. Ndiyo maana wajanja hukata picha hapo.

Kabla ya kulipa ada, mwambie mwalimu akupe jina la seva, namba ya akaunti na nywila ya kutazama tu, ile inayoitwa Investor. Kwa nywila hiyo huwezi kununua wala kuuza, lakini kwenye sehemu ya History utaona hasara zote za akaunti hiyo alizokuficha na kila senti aliyoweka au kutoa.

Akianza visingizio, usilipe.