Risasi kutoka dirisha la ubalozi: Kwa nini polisi hawakuingia?

Asubuhi ya Aprili 17, 1984, Walibya waliompinga Kanali Muammar Gaddafi waliandamana mbele ya ubalozi wa nchi yao jijini London. Risasi zilifyatuliwa kutoka dirishani mwa ubalozi huo. Waandamanaji wapatao kumi walijeruhiwa, na askari polisi Yvonne Fletcher, binti wa miaka 25 aliyekuwa analinda usalama pale, aliuawa.

Polisi walilizingira jengo, na waliojificha ndani walijulikana wapo. Hata hivyo, kwa siku kumi hakuna askari aliyevunja mlango. Msikilizaji anaweza kujiuliza: ni sheria gani hiyo inayomkinga muuaji?

Wengi husema ubalozi ni ardhi ya nchi ya kigeni. Si kweli. Kiwanja kile kilikuwa cha Uingereza, na mauaji yale yalikuwa kosa chini ya sheria ya Uingereza. Kinachozuia polisi ni Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia. Mkataba huo unasema maafisa wa nchi mwenyeji hawaingii ubalozini bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi. Pia unasema mwanadiplomasia hakamatwi wala hashtakiwi kwa jinai katika nchi anakofanyia kazi. Anatakiwa kutii sheria za nchi hiyo kama mtu mwingine, ila akizivunja, mahakama zake haziwezi kumgusa.

Uingereza ilikuwa na sababu nyingine ya kujizuia. Mjini Tripoli kulikuwa na ubalozi wake, uliokuwa umezingirwa pia, na maelfu ya raia wake walikuwa wanaishi Libya. Kama mlango ungevunjwa London, mlango wa Tripoli ungevunjwa saa hiyo hiyo. Kinga hii hudumu kwa sababu kila serikali ina watu wake mikononi mwa mwenzake.

Basi serikali iliyotendewa uovu hubaki na nini? Ya kwanza ni kumtangaza mwanadiplomasia kuwa mtu asiyekubalika. Haihitaji kutoa sababu, na akikataa kuondoka ndani ya muda wa kutosha, inaweza kuacha kumtambua kuwa mwanadiplomasia. Ya pili, iliyo nzito zaidi, ni kuvunja uhusiano, na ndiyo iliyochaguliwa. Aprili 22 Uingereza ilivunja uhusiano na Libya, ikawapa waliokuwemo ubalozini hadi usiku wa Aprili 29 wawe wameondoka.

Walitoka Aprili 27, wakahojiwa na polisi, kisha wakasafirishwa kwenda kwao. Mifuko yao ya kidiplomasia haikufunguliwa, kwa sababu mkataba unakataza kuifungua au kuizuia. Huenda silaha iliyomuua Fletcher ilipita humo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sheria hii inapouma kuliko penginepo pote.

Muda ulipokwisha, polisi waliingia kwenye jengo tupu. Walikuta silaha na risasi, na dalili za ufyatuaji karibu na dirisha. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa kufyatua risasi ile. Mwaka 1987 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayoipa serikali uwezo wa kuliondolea jengo hadhi ya ubalozi. Mwaka 1999 Libya ilikubali kuwajibika na ikalipa fidia. Na mwaka 2021, Mahakama Kuu ya London ilimkuta mmoja wa viongozi wa ofisi ile na hatia ya kushiriki kupanga shambulio, ingawa si yeye aliyefyatua. Lakini hiyo ilikuwa kesi ya madai, si ya jinai. Askari mwenzake Fletcher aliyeifungua aliomba fidia ya pauni 1 tu, kwa kuwa alichotaka ni ukweli utamkwe mahakamani.

Iko njia nyingine, ila ufunguo wake anao aliyemtuma mwanadiplomasia. Kinga si mali yake binafsi, ni ya serikali yake, na serikali hiyo inaweza kuiondoa kwa tamko la wazi. Yeye mwenyewe hawezi kuikataa wala kuing'ang'ania.

Kenya iliona hilo Julai 2012. Olga Fonseca, kaimu balozi wa Venezuela aliyekuwa hajamaliza wiki mbili Nairobi, alikutwa amenyongwa katika makazi yake mtaani Runda. Polisi walimshuku Dwight Sagaray, katibu wa kwanza wa ubalozi huo huo. Kwa kinga yake, wangeweza tu kuomba afukuzwe nchini. Venezuela iliiondoa kinga hiyo, naye akapandishwa kizimbani kama mshtakiwa mwingine yeyote. Kesi ilichukua zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2023, Mahakama Kuu ya Kenya ilimtia hatiani pamoja na Wakenya watatu, ikawafunga miaka 20.